Hesabu za chumba cha kupanga jirani na Mlimani

Kila mwaka majina ya waliopata vitanda kwenye mabweni ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam yakishabandikwa, waliokosa wanamiminika mtaani. Hosteli za Magufuli zilipofunguliwa mwaka 2017, majengo 20 yenye nafasi 3,840, wengi tulidhani hadithi ya kuhangaikia chumba imekwisha. Haikwisha. Wanafunzi ni wengi kuliko vitanda, na kila Oktoba utawaona Changanyikeni, Msewe, Makongo na Savei, simu mkononi, wakimfuata dalali nyuma kama vifaranga, na swali lao ni lile lile: "Hiki kwa mwezi bei gani?"

Mimi nimepanga maeneo hayo muda wote wa masomo yangu, na tangu nimalize, ndugu wakipata mtoto Mlimani namba yangu ndiyo wanayopewa. Ninachowaambia wote ni kwamba bei ya mwezi ni namba ya dalali. Za kwako wewe ziko mbili. Ya kwanza ni jumla ya fedha itakayokutoka kuanzia siku unayoingia hadi unapomaliza mtihani wa mwisho Julai, kila kitu ndani yake. Ya pili ni fedha taslimu inayotakiwa siku ya kukabidhiwa ufunguo. Chumba kinaweza kuwa nafuu kwa ile ya kwanza na kikakushinda kwa ile ya pili, na wengi hapo ndipo wanapokwama.

Nitumie mfano wa binamu yangu, anayeingia mwaka wa pili wa uhandisi. Alinitumia vyumba vitatu kwenye simu na kuniuliza, "Kaka, nichukue kipi?" Bei ni hizo alizoambiwa yeye; za kwako zinaweza kuwa juu au chini, lakini njia ya kuzipiga ni hiyo hiyo.

Cha kwanza kilikuwa kitanda kwenye hosteli ya mtu binafsi Changanyikeni. Chumba cha watu wanne, kila mmoja 400,000 kwa muhula, maji na umeme vimo, kuna kitanda, godoro na meza. Dipoziti 50,000. Kupika marufuku. Kwa miguu hadi madarasani ni kama dakika ishirini.

Cha pili kilikuwa chumba kimoja Msewe, kwenye nyumba ya vyumba sita vyenye mita moja ya LUKU, choo na bafu vya kuchangia nje. Kodi 90,000 kwa mwezi, inalipwa miezi sita kwa mkupuo, na dalali anataka kodi ya mwezi mmoja. Kwa miguu dakika ishirini na tano, mlima ukiwa mbele yako asubuhi.

Cha tatu kilikuwa Kimara. 60,000 kwa mwezi, miezi sita, dalali naye mwezi mmoja, chumba kina mita yake ndogo. Daladala mbili kwenda na mbili kurudi.

Yeye moyo wake ulikuwa Kimara. Ukitazama 60,000 na 90,000 utamwelewa.

Miezi tisa, siyo sita wala kumi na mbili

Kabla ya kitu chochote, jua unanunua miezi mingapi. Mwaka wa masomo pale unaanza mwishoni mwa Oktoba au Novemba na kuishia Julai, yaani karibu miezi tisa. Baada ya hapo wengi wanakwenda mafunzo kwa vitendo, wale wa uhandisi wakipangiwa viwanda vya mikoani, na chumba kinabaki na panya.

Mwenye nyumba lakini anahesabu kwa sita sita. Ukilipa sita za kwanza, Mei anakuja kudai sita nyingine, na unajikuta unalipia Agosti, Septemba na Oktoba ukiwa Mufindi au Tanga. Kwa chumba cha Msewe hiyo ni tofauti kati ya kodi ya 810,000 na 1,080,000. Shilingi 270,000 kwa chumba kilichofungwa kufuli! Kwa hiyo mazungumzo ya "sita kisha tatu" yafanye siku ile ile ya kwanza, kabla hujatoa hata shilingi, na yaandikwe kwenye mkataba. Ukisubiri Mei huna nguvu tena, vyombo vyako vyote viko ndani na mitihani iko mlangoni. Wenye nyumba wengi wanakubali, hasa Msewe na Changanyikeni, kwa sababu wanajua Oktoba inayofuata wateja watakuja tena. Asiyekubali, basi mpigie hesabu ya miezi kumi na mbili unapomlinganisha na wenzake, kwa sababu hiyo ndiyo utakayolipa.

Hosteli zina lao. Wao wanauza muhula, kwa hiyo miezi ya kukaa bure haipo, ila uliza vitu vyako vitakaa wapi kipindi cha likizo. Wengine wanakuambia uhamishe kila kitu, halafu hapohapo wana stoo ya kulipia.

Umeme wa kuchangia

Hapa nitakaa kidogo, maana ndipo fedha zinapopotelea bila mtu kuona.

Mita ya kawaida ya nyumbani inauza uniti kwa 292, na ukiongeza VAT asilimia 18, REA asilimia 3 na EWURA asilimia 1 inakuwa kama 356. Ndiyo maana ukinunua LUKU ya 10,000 unapata uniti 28 na nukta. Kuna bei ya chini ya watumiaji wadogo wasiozidi uniti 75 kwa mwezi, ambao uniti yao ni 100 kabla ya makato, 122 baada yake. Nyumba ya vyumba sita kwenye mita moja haiwezi kukaa chini ya 75, kwa hiyo hiyo bei isahau, hata kama wewe mwenyewe unatumia umeme kama mshumaa.

Sasa mwanafunzi wa kawaida anatumia kiasi gani? Feni ya wati 60 kwa saa kumi ni uniti 0.6. Kompyuta ya wati 60 kwa saa tano ni 0.3. Taa na simu, tuseme 0.1. Hiyo ni uniti moja kwa siku, thelathini kwa mwezi, kama 10,700. Akija jirani mwenye jiko la umeme la sahani, wati 1,500, akalitumia saa mbili kwa siku, hilo peke yake ni uniti tatu kila siku. Ongeza friji lake dogo linalokula karibu uniti moja, na uniti moja ya feni, kompyuta na taa kama wewe. Yeye mmoja anakula uniti 150 kwa mwezi.

Vyumba vitano vya watu wa feni na kompyuta ni uniti 150, na cha jirani huyo ni 150 nyingine. Jumla 300, karibu 107,000 kwa mwezi. Mkigawana sawa kwa sita, kila chumba kinatoa 17,800. Wewe umetumia ya 10,700. Unamlipia mwenzio maharage kwa 7,100 kila mwezi, na kwa miezi tisa ni karibu 64,000.

Dalali ukimuuliza umeme atakujibu, "Umeme hapa mnachangia kidogo tu." Usibishane naye. Mtafute mpangaji aliyemo, mwombe akuonyeshe meseji mbili za LUKU zinazofuatana. Kila meseji ina tarehe na idadi ya uniti. Kama Jumatatu walinunua uniti 28 na Ijumaa wakanunua tena kwa sababu zimekwisha, nyumba inakula uniti saba kwa siku. Zikiisha ndani ya siku tatu, ni tisa na ushee. Zidisha kwa thelathini, zidisha kwa 356, gawa kwa vyumba, umepata mchango wako wa kweli kabla hujahamia. Binamu yangu aliwakuta wapangaji wawili wa Msewe wakifua, wakamwonyesha bila shida. Nyumba ilikuwa inakula kama uniti kumi kwa siku. Ukitembeza macho kwenye madirisha uliona chumba cha mwisho kina friji. Mchango: 17,800, ambao niliuandika 18,000.

Meseji hizo zikague na jambo jingine. Kodi ya jengo inakatwa kwenye LUKU, kwa nyumba ya kawaida 1,500 kwa mwezi, na inakatwa kwenye manunuzi ya kwanza ya mwezi. Anayenunua tarehe moja kwa 10,000 anapata uniti kama 24 badala ya 28. Hapo ugomvi wa nyumba za kupanga huanza: kila mtu anavizia mwenzake anunue kwanza. Na kama mita ilikaa muda bila kununuliwa, makato ya miezi ya nyuma yanakuja kwa pamoja. Kodi hiyo ni ya mwenye jengo, siyo ya mpangaji. Mwambie mapema kwamba mtaikata kwenye kodi ya chumba au atoe yeye 1,500 yake kila mwezi. Ni hela ndogo, ila ni ndogo inayogombanisha watu wanaochangia bafu.

Chumba chenye mita ndogo kinaondoa mengi ya haya, lakini siyo yote. Mita ndogo haiongei na TANESCO. Mwenye nyumba ananunua LUKU kwenye mita kubwa halafu anakusomea uniti ulizotumia na kukudai. Uliza anakudai uniti kwa bei gani. Ikiwa 360 ni haki. Nimekutana na wanaodai 500, na ukiwauliza wanasema ni "gharama za uendeshaji".

Maji, kwa kifupi

Bili ya maji kwa kichwa kwa kawaida ni ndogo, elfu tatu hadi tano. Kinachouma ni siku yasipotoka. Kwa hiyo usiulize "maji yapo?" kwa sababu jibu ni "yapo" nchi nzima. Uliza yanatoka siku zipi, kisha tazama simtanki. Mtu mmoja anatumia ndoo tatu za lita 20 kwa siku bila anasa, lita 60. Watu wanane ni lita 480. Simtanki la lita 2,000 linawafikisha siku nne. Mgawo ukikaa wiki, siku tatu mnanunua ndoo kwa muuza maji wa mkokoteni, naye siku hizo bei ni yake. Ukiona ndoo na madumu yamepangwa nje ya kila mlango, umeshajibiwa. Na kama ni kisima, onja. Visima vingine vya Dar vina chumvi kiasi kwamba sabuni haitoi povu, na maji ya kunywa na kupikia utanunua pembeni.

Umbali una bei yake

Watu wanapima umbali kwa kilomita. Upime kwa nauli na kwa saa.

Nauli niliyotumia ni 600 kwa daladala moja. Kimara hadi madarasani ni daladala mbili, yaani 1,200 kwenda na 1,200 kurudi, 2,400 kwa siku. Muhula una wiki kama 15 za vipindi. Siku tano kwa wiki kwa mihula miwili ni 150. Ongeza siku za mitihani, niweke 170. Jumla ya nauli: 408,000. Ukiigawa kwa miezi tisa ni kama 45,000 kwa mwezi. Chumba cha 60,000 kumbe ni cha 105,000, na bado hujalala ndani yake.

Kuhusu saa, pale Mlimani kuna vipindi vya saa moja asubuhi. Anayekaa Msewe anaamka saa kumi na mbili na anafika. Wa Kimara saa kumi na moja yuko kituoni anagombea kuingia kwa dirishani. Jioni tena, kundi linajadili kazi hadi saa tatu kwenye maktaba mpya, yeye saa kumi na mbili anaanza kuangalia saa, au anabaki na kurudi kwa bodaboda kwa nauli ya daladala za siku mbili. Hizo bodaboda sikuziweka kwenye hesabu kwa sababu sijui atachelewa mara ngapi, lakini ningekuwa mimi ningezitengea chochote.

Kwa vyumba vya kutembea, njia yenyewe ikague mara mbili, asubuhi na usiku. Mchana kila njia ni nzuri. Usiku ndipo utajua wapi hakuna taa, wapi kuna kichaka, na wenyeji wanapitia wapi. Muulize Mangi wa duka la jirani: "Wanafunzi wa kike wanarudi saa ngapi hapa?" Atakuambia ukweli kuliko dalali, kwa kuwa yeye hapati kitu ukipanga au usipopanga. Na kama unakagua mwezi wa kiangazi, uliza masika hilo korongo linavukwaje.

Dipoziti na dalali

Kwa vyumba vya kawaida vya mtaani dipoziti bado si desturi sana. Mwenye nyumba ameshakula miezi sita yako, anaogopa nini? Ni hosteli zinazoidai, kwa jina la dipoziti au hela ya tahadhari. Kwenye kupanga matumizi mimi naihesabu kama imekwenda. Ikirudi, ni sikukuu. Hosteli moja niliyowahi kukaa iliwakata wapangaji wote gharama za rangi mwisho wa mwaka, hata wale walioingia muhula wa pili, na risiti zetu ziliandikwa "malipo" tu bila kusema ya nini.

Kwa hiyo risiti iseme wazi kwamba ni dipoziti, kiasi gani, itarudishwa lini na itakatwa kwa jambo gani. Siku unayoingia piga picha kitanda, kioo cha dirisha, kitasa, soketi na godoro pande zote mbili, uzitume kwa msimamizi siku hiyo hiyo kwa WhatsApp ili tarehe ibaki. Msimamizi anayekasirika kwa kutumiwa picha amekupa taarifa muhimu bure.

Dalali yeye anachukua mwezi mmoja, na mara nyingi kuna hela ya kuonyeshwa, elfu tano au kumi, usipopenda chumba imekwenda. Ukiwa na siku mbili za kuzunguka kwa miguu Msewe na Changanyikeni, ukisalimia wenye maduka na mawakala wa fedha za simu, unaweza kumkwepa. Wanaohama Julai nao wanajua vyumba vyao vinavyobaki, na mara nyingi wanauza kitanda na godoro kwa bei ya kutupa. Chumba kitupu cha mtaani kinataka vitu hivyo, usisahau. Tenga kama 150,000 ukinunua vilivyotumika. Hosteli unakuta vimo.

Tukaviweka mezani

Kimara: kodi ya miezi tisa 540,000, dalali 60,000, umeme na maji kama 15,000 kwa mwezi ambayo ni 135,000, nauli 408,000. Jumla 1,143,000.

Msewe akiwa peke yake: kodi 810,000, dalali 90,000, umeme 18,000, maji 5,000 na taka 2,000, yaani 25,000 kwa mwezi, 225,000. Jumla 1,125,000.

Kile cha 60,000 kimekuwa ghali kuliko cha 90,000. Aliponiona nimeandika hivyo alinyamaza, akapiga upya kwa kikokotoo cha simu yake.

Hosteli: mihula miwili 800,000. Dipoziti 50,000, tuihesabu imekwenda. Lakini kupika marufuku, na hilo ni gharama ingawa hakuna anayeliandika kwenye tangazo. Chakula cha usiku kwa mama ntilie, wali maharage na mboga au chipsi yai, niliweka 2,500. Ukijipikia kwa gesi niliweka 1,500. Tofauti 1,000 kwa siku, kwa siku 240 ni 240,000. Jumla 1,090,000. Kwa hiyo hosteli, iliyoonekana ya matajiri kwa sababu ya ile 400,000 inayotajwa kwa mkupuo, ndiyo nafuu kuliko zote kwa mtu mmoja, kama anaweza kulala na wenzake watatu na mitihani yake ikapona. Binamu yangu alishasema hawezi. Mmoja anaangalia mpira saa sita usiku, mwingine anaamka saa kumi kusali, na wewe una michoro ya kukabidhi asubuhi.

Ikabaki njia moja: Msewe wawili. Kodi na dalali, 900,000, zinagawanyika. Lakini umeme na maji je? Hapo nikamwambia aende kwa mama mwenye nyumba mwenyewe, bila dalali, aulize jambo moja tu.

"Shikamoo mama. Tukikaa wawili, umeme tunachangia kwa chumba au kwa kichwa?"

"Marahaba mwanangu. Kwa kichwa. Wawili ni wawili."

Swali hilo lina thamani ya fedha nyingi. Kwa chumba, gharama za mwezi zingebaki 25,000 na kila mmoja angetoa 562,500 kwa mwaka. Kwa kichwa, umeme ni 36,000, maji 10,000, taka 2,000, jumla 48,000 kwa mwezi, na kila mmoja anafika 666,000. Ni kama laki moja kwa kila mtu, kwa chumba kile kile, feni ile ile na taa ile ile moja.

Na feni ndiyo hoja. Watu wawili chumba kimoja hawatumii umeme mara mbili. Feni moja, taa moja, kinachoongezeka ni kompyuta na simu. Niliwapigia uniti 1.4 kwa siku, 42 kwa mwezi, kama 15,000 kwa wote wawili. Wakarudi kwa mama na ombi jingine: waweke mita ndogo ya chumba chao kwa gharama yao, fundi akubaliwe na mama, wasome pamoja kila mwisho wa mwezi, na uniti iwe 360. Mita na fundi viliwagharimu 60,000. Kutoka 36,000 kwenda 15,000 wanaokoa 21,000 kwa mwezi, kwa hiyo mwezi wa tatu mita imeshajilipa.

Mama alisita kidogo. Hofu yake haikuwa mita, ilikuwa wale wapangaji wanne wengine wakiona na wao watataka, na mwenye friji atabaki peke yake na bili yake. Nikamwambia binamu asiingie kwenye hayo, aseme tu kwamba wao mita wataiacha palepale wakihama. Akakubali.

Hesabu ya mwisho: kodi na dalali 900,000, umeme, maji na taka 27,000 kwa mwezi ambayo ni 243,000, mita 60,000. Jumla 1,203,000, kila mmoja 601,500. Ukilinganisha na Kimara aliyoipenda, ni karibu nusu.

Sasa ile namba ya pili, fedha ya siku ya ufunguo. Miezi sita 540,000, dalali 90,000, mita 60,000, jumla 690,000, kila mmoja 345,000, na vitanda juu yake. Peke yake ingekuwa 630,000 kabla ya kununua hata ndoo. Anayepata bumu la chakula na malazi kamili, ambalo tangu mwaka wa masomo 2022/23 ni 10,000 kwa siku, akipewa la siku 60 anashika 600,000. Chumba cha Msewe peke yake kingelimeza lote na kudai chenji, na miezi miwili angekula hewa. Tena bumu halikawii kuchelewa, wakati mwenye nyumba anataka fedha kabla hujafungua darasa. Kwa hiyo hata mwenye mkopo wa asilimia mia, fedha ya mlangoni mara nyingi inatoka nyumbani, na ni vizuri mzazi aambiwe namba hiyo mwezi Septemba kuliko kupigiwa simu usiku wa kuamkia kuhama.

Kwa wawili kuna karatasi moja zaidi. Mkataba uwe na majina yote mawili na saini zote mbili mbele ya mjumbe, na risiti iandikwe nani katoa kiasi gani. Mwenzako akipata kitanda bwenini mwezi wa pili, jambo linalotokea sana kwa kuwa nafasi huachwa na wanaoahirisha masomo, ataondoka na wewe utabaki na chumba cha watu wawili. Binamu yangu na mwenzake walikubaliana kwamba anayeondoka katikati harudishiwi kodi ya miezi iliyolipwa mpaka alete mtu wa kuchukua nafasi yake, na huyo mtu akubalike na anayebaki. Waliandika kwa kalamu chini ya mkataba, mjumbe akagonga muhuri, na mama mwenye nyumba akaongeza mstari wake: mgeni halali zaidi ya siku tatu, na jiko la umeme hapana.